Kibanda Namba 412

Paskalina Kihwele alizaliwa Ilula, mama yake akiwa mmoja wa wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara kuu. Alisomea kompyuta chuoni Iringa mjini, na alipomaliza hakwenda Dar kama wenzake. Alipata kazi kwenye kampuni ndogo iitwayo Sauti ya Shamba, watu sita tu, ofisi ya vyumba viwili ghorofani Miyomboni, chini yake duka la mabati na misumari. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazini ndiye aliyesifika kwa kuona kosa ambalo wengine wamelipita.

Kazi yao ilikuwa hii. Mkulima anafungua ukurasa kwenye simu yake, anachagua zao, kisha anasikiliza maelezo kwa lugha ya nyumbani kwake: majani ya viazi yakianza kuwa na madoa meusi afanye nini, nyanya zikinyauka achunguze wapi. Mwisho wa maelezo kuna kitufe cha kurekodi swali kwa sauti. Swali linaingia kwenye orodha ofisini, mtaalamu wa kilimo analijibu. Walianza na Kiswahili na Kihehe. Mwaka huu walikuwa wanaongeza Kinyakyusa, na aliyepewa kazi hiyo ni Isakwisa Mwaijande, kijana wa Uyole, Mbeya, aliyekaa meza moja na Paskalina kwa miaka minne.

Kila asubuhi Isakwisa alimsalimu mwenzake kwa lugha yake, "Ugonile!" Naye Paskalina alimjibu kwa Kihehe, "Kamwene!" Basi. Hakuna aliyejifunza zaidi ya hapo kwenye lugha ya mwenzake.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kazi yao, kwa sababu kila kitu kilichotokea kinasimama juu yake. Mtu akitaka kubadilisha kitu kwenye mfumo, haandiki moja kwa moja kwenye kodi, yaani maandishi ya programu ambayo wakulima wanaitumia. Anaandika pembeni, kwenye tawi lake, kisha anafungua ombi la kuunganisha, ambalo watu wa kazi hiyo huliita PR. PR ikifunguliwa tu, mtambo unajenga wenyewe nakala nzima ya mfumo kwa ajili ya ombi hilo peke yake: ina anwani yake ya mtandaoni, hifadhidata yake, na stoo yake ya sauti. Wenzake wanaingia humo, wanabonyeza, wanajaribu, bila kumgusa mkulima hata mmoja. Ombi likiunganishwa au likifungwa, mtambo unaibomoa nakala ile na kila kilichowekwa ndani yake. Kodi inakwenda kwenye tawi kuu. Vilivyorekodiwa ndani ya nakala haviendi popote.

Nakala hizi, pale ofisini, waliziita vibanda. Walisema "nimesimamisha kibanda," "ingia kibandani kwangu uone." Kwenye ukuta kulikuwa na skrini inayoonyesha orodha ya vibanda, kila kimoja na namba ya PR yake, kijani kikiwa hai, kijivu kikishabomolewa.

Kibanda cha Isakwisa kilikuwa namba 412.

Katikati ya Mei, siku ya Ijumaa, Isakwisa alipanda basi kwenda Uyole kumwona mama yake. Alikuwa amemwahidi mchele wa Mbarali. Basi liliposimama Igawa alishuka, akavuka barabara kwenda kwa wauza mchele, akanunua mfuko wa kilo ishirini, na wakati wa kurudi akagongwa na lori. Abiria waliokuwa dirishani waliona. Mfuko haukupasuka. Konda aliupakia, ukafika Uyole kabla ya maiti.

Ofisi nzima ilikwenda kuzika. Waliporudi Iringa, meza yake ilikaa wiki nzima na kikombe chake juu, mpaka Ezron, mwenye kampuni, alipokiosha na kukiweka kabatini. Kazi ikaendelea. PR zikafunguliwa na kuunganishwa, vibanda vikasimama na kubomoka. Kulikuwa na programu waliyoiita fagio, inayofunga ombi lililolala mwezi mzima na kubomoa kibanda chake, lakini Isakwisa alikuwa ameliwekea ombi lake alama ya kulizuia fagio. Kwa hiyo 412 ilibaki kijani ukutani. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuigusa.

Juni ikaingia na baridi yake. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umeufunika mji, Paskalina alikuwa anatafuta kwa nini mashine yao imejaa. Akapitia vibanda kimoja kimoja, kuona kipi kinakula nafasi. Vingi vilikuwa vile vile. 412 ilikuwa inakua.

Akafikiri ameona vibaya. Kibanda ambacho mwenyewe amekufa hakina wa kukijaza. Akafungua orodha ya maswali ndani yake.

Kulikuwa na maswali kumi na tisa. Yote yalikuwa yameingia baada ya mazishi. Moja kila siku, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mpaka la leo. Na kwenye safu ya jina la aliyeuliza, kila mstari uliandikwa: Isakwisa Mwaijande.

Paskalina aliondoa mkono kwenye kipanya. Chini dukani mtu alikuwa anakata mabati, na ule mlio ulimpita mgongoni kama maji. Alitazama huku na huku. Ezron alikuwa chumba cha pili, anaongea na simu. Akavaa vifaa vya masikioni, akabonyeza swali la kwanza.

Kwanza palikuwa kimya. Halafu pumzi ya mtu. Kwa mbali jogoo, na mvua nyepesi juu ya bati. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, ya chini, ikiongea Kinyakyusa polepole, ikiacha nafasi kila baada ya maneno machache, kama anayengoja kujibiwa. Paskalina hakuelewa kitu isipokuwa neno moja. Neno hilo lilikuwa "Isakwisa," na lilirudi mara tatu.

Hapo ndipo akajua, maana sauti ile aliwahi kuisikia msibani. Isakwisa alikuwa amemtumia mama yake anwani ya kibanda, ili amsaidie kusikiliza kama Kinyakyusa kimekaa sawa. Alimwekea alama kwenye uso wa simu, akamwingiza kwa akaunti yake mwenyewe ili asisumbuke na nywila. Na maelezo yale yote ya viazi na migomba, Isakwisa alikuwa ameyarekodi kwa sauti yake, humo humo kibandani. Mama alikuwa anaamka, anabonyeza, anamsikia mwanawe akimsalimu na kumweleza habari za viazi. Mwisho wa maelezo, sauti ya mwanawe inamwambia kama ana swali, aseme sasa. Naye alikuwa anasema.

Mtu mwingine angemwita Ezron pale pale. Paskalina hakumwita. Baadaye alijiuliza sana kwa nini. Alijiambia kwamba ni jambo la mama na mwanawe, na kulitaja ofisini ni kulianika. Alijiambia atanakili zile sauti zote, za mama na za Isakwisa, aziweke mahali salama. Lakini funguo za stoo ya sauti alikuwa nazo Ezron, na kuziomba ni kueleza. Tena kunakili aliona ni kama kumrekodi mtu akisali. Kesho, alisema. Kesho yake akasema kesho.

Ila kila siku alisikiliza. Akifika ofisini, kabla ya chai, anaingia 412. Swali jipya lipo. Siku moja mama alicheka katikati. Siku nyingine hakusema lolote, zilikuwa sekunde arobaini za pumzi na kuku wakiparua. Paskalina alianza kumwota. Katika ndoto yule mama alikuwa amesimama nje ya mlango wa ofisi akiongea, na Paskalina yuko ndani, anamsikia, hafungui.

Mwezi wa saba Ezron aliitisha kikao. Alikuwa amepata meza kwenye maonyesho ya Nane Nane, Mbeya, na alitaka Kinyakyusa kiwe hewani kabla ya siku hiyo. Baada ya kikao alimfuata Paskalina mezani.

"Ile ya Isakwisa," alisema, akiangalia pembeni. "Imebaki nini?"

Kwenye maelezo ya ombi, Isakwisa mwenyewe alikuwa ameandika mstari wa mwisho: Bado kuhamisha sauti, msiunganishe kwanza. Paskalina alikuwa ameusoma mara nyingi. Angeweza kumwonyesha. Alitakiwa aseme: sauti bado zimo kibandani, na si zake peke yake. Maneno yalifika mdomoni.

"Kodi iko sawa," alisema.

Na ilikuwa kweli. Kodi ilikuwa sawa. Ezron akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Siku mbili baadaye Paskalina alikwenda Ilula kukutana na kikundi cha wakulima wa nyanya. Alirudi ofisini saa tisa alasiri, viatu vikiwa na udongo. Alipoingia macho yake yalikwenda ukutani kwanza, kama kawaida yake siku hizo. 412 ilikuwa kijivu.

"Umefanya nini?" Alisikia sauti yake ikiwa juu kuliko alivyotaka.

Ezron aligeuka. "Nimeunganisha. Si ulisema kodi iko sawa? Ule mstari wake niliuona, nikadhani ni wa zamani."

"Lini?"

"Saa nne."

Kubomoa kibanda huchukua dakika mbili. Paskalina alikaa, akaanza kutafuta. Stoo ya sauti: haipo. Hifadhidata: haipo. Nakala za akiba walizitunza kwa mfumo wa wakulima tu, kwa maana ndiyo sababu ya vibanda kuwa vibanda, kwamba hakuna anayevililia. Ezron alisimama nyuma yake akitazama, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

"Sauti zake zilikuwa humo," alisema.

"Zake na za mama yake."

Ndipo akamweleza yote. Ezron alivuta kiti akakaa. Alikuwa mtu wa Rungwe, Kinyakyusa ni lugha yake. Alifunika uso kwa mikono.

"Ungeniambia," alisema mwisho. "Mimi ningeelewa alichokuwa anasema."



Kilichofuata ndicho kilichomwondolea usingizi. Kibanda kilibomolewa, lakini anwani zote za vibanda hupitia lango moja, na lango lile huandika kila anayebisha, hata kama anabisha pasipo na kitu. Asubuhi iliyofuata Paskalina alifungua kumbukumbu za lango. Saa kumi na mbili na robo, mtu alikuwa ameomba ukurasa wa 412. Jibu: haupo. Dakika moja baadaye, tena. Haupo. Tena. Alihesabu mara kumi na saba, ya mwisho saa moja kasoro. Alimwona waziwazi, mwanamke mwenye khanga mabegani anayebonyeza simu, anangoja, anabonyeza.

Kesho yake mara kumi na moja. Kesho kutwa mara tisa. Siku ya nne hakuna. Siku ya tano mara ishirini.

"Nakwenda Uyole," alimwambia Ezron.

"Twende wote."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza."

Alipanda basi la asubuhi. Walipita Mafinga, wakapita Makambako, na basi lilipokaribia Igawa alifumba macho. Likasimama. Alisikia wauzaji wakiita mchele chini ya dirisha, sauti nyingi za uchangamfu, na malori yakipita kwa kishindo upande wa pili. Hakufumbua macho mpaka basi lilipoondoka.

Nyumba ilikuwa ile aliyoijua tangu mazishi, juu kidogo ya barabara, viazi nyuma, mgomba mmoja mlangoni. Mlima ulikuwa ndani ya ukungu. Tumpe, dada yake Isakwisa, mshonaji, alimpokea mzigo akamwingiza jikoni penye moto. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi. Jina lake Atuganile. Alikuwa mwembamba zaidi kuliko mwezi wa tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wewe ndiye uliyekaa na Isakwisa meza moja."

"Ndiyo mama."

Simu ilikuwa kwenye mapaja yake, juu ya khanga, skrini yake imepasuka kona. Paskalina alikuwa amepanga maneno njia nzima. Aliyasema vibaya, kwa haraka, akianzia katikati: kwamba ule ukurasa ulikuwa wa majaribio, kwamba hujengwa kwa muda na kubomolewa kazi ikiisha, kwamba kazi imeisha na umebomolewa, na sauti zilizokuwemo hazipo tena popote.

Mama Atuganile aliendelea kumenya. "Nani alibomoa?"

"Mtambo, mama. Unabomoa wenyewe ombi likiunganishwa. Ezron ndiye aliyeunganisha, lakini hakujua. Mimi nilijua, sikusema. Na zile ulizokuwa unarekodi. Nilizisikiliza. Kila siku. Sikuelewa maneno, lakini nilisikiliza."

Kisu kilisimama.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Ndiyo."

"Mwezi mzima."

"Ndiyo mama."

"Na mimi nilikuwa nadhani nazungumza na mwanangu tu." Aliweka kiazi chini. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtu akibisha hodi, aliye ndani anaitika, hata kama mwenye nyumba hayupo. Kwenu si hivyo?"

"Ni hivyo."

"Basi."

Tumpe alitaka kusema kitu, mama yake akamzuia kwa kiganja. Kuni mbichi zililia motoni. Paskalina alitazama sakafu, machozi yakimdondoka bila sauti, wala hakujaribu kuyaficha.

Mama akachochea moto, akasema, kama anayejisemea, "Ila juzi alirudi kidogo."

Paskalina aliinua kichwa. "Nani?"

"Isakwisa. Siku kadhaa alikuwa kimya, simu inasema hakuna, hakuna. Siku ya nne sikumwita kabisa. Jioni yake, jua halijazama, bando likaisha. Nikabonyeza tu, mkono umezoea. Akanisalimu. Akasema ya viazi, akasema ya madoa. Mpaka nikamwita Tumpe."

"Nilisikia hata mimi," Tumpe alisema kwa sauti ndogo. "Dada, sisi tuliogopa. Kesho yake alfajiri nikakimbia kununua vocha, nikaweka bando ili asikike vizuri. Akanyamaza. Tulibonyeza asubuhi nzima, hakuna."

"Nikasema basi," mama alimalizia, "amekuja kuaga."

Kwa kitambo Paskalina alikuwa anaogopa kama wao. Halafu akili yake ya kazi ikaamka. Akaikumbuka PR yenyewe. Alikuwa ameikagua kwa macho yake mwezi wa nne, na huzuni ilikuwa imeifuta kichwani. Haikuwa ya Kinyakyusa peke yake. Isakwisa alikuwa ameongeza jambo la pili, kwa ajili ya wakulima wa mabondeni wasio na mtandao: sauti ikishasikilizwa mara moja, simu inaihifadhi ndani yake pamoja na ukurasa. Simu huuliza mtandao kwanza. Mtandao ukijibu, hata ukijibu kwamba hakuna kitu, jibu hilo ndilo linaloonyeshwa. Mtandao usipopatikana kabisa, ndipo simu inatoa ilichokihifadhi.

"Mama, umefuta kitu chochote kwenye simu hii?"

"Sijui kufuta."

"Naomba usibonyeze chochote. Tumpe, simu yako inarekodi? Iandae kwanza. Iweke hapa karibu, ianze kurekodi sasa hivi."

Tumpe aliweka simu yake juu ya kigoda kingine, taa nyekundu ikiwaka. Paskalina alipokea ile yenye kona iliyopasuka kwa mikono miwili. Akazima data. Akabonyeza alama aliyoiweka Isakwisa.

Ukurasa ulifunguka. Akabonyeza mstari wa kwanza.

"Mugonile," ilisema sauti ya Isakwisa jikoni mle.

Tumpe alishika mdomo. Sauti iliendelea, ya upole, yenye kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho kila baridi ikianza. Mama Atuganile hakulia. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje ya nyumba, na midomo yake ilikuwa inatamka kila neno pamoja naye, maana alikuwa ameyashika yote.

Walipitia orodha nzima. Isakwisa alikuwa amerekodi maelezo arobaini. Simu ilikuwa na kumi na moja, yale ambayo mama alizoea kuyasikiliza. Waligusa mengine moja moja, na kila moja lilizunguka kidogo, likakataa. Migomba haikuwepo. Mahindi hayakuwepo. Lilikuwepo la kusalimu, ya viazi yote, na la mwisho linalomshukuru msikilizaji na kumtaka aseme swali lake. Baada ya hapo Paskalina alitoa kompyuta yake na waya, akayatoa yale kumi na moja kwenye simu kama yalivyo, akayaweka kwenye kompyuta, kwenye simu ya Tumpe, na kwenye kijiti cha flashi ambacho Tumpe alikifunga kwenye kipande cha kitambaa.

"Na ya kwangu?" mama aliuliza.

"Ya kwako hayakubaki kwenye simu. Yalikwenda moja kwa moja kibandani."

Mama alifikiri. "Yangu nilishayasema. Yaende." Akachukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi bila kukimenya. "Unataka kujua nilikuwa nasema nini?"

Paskalina alitaka kusema hapana. "Ukipenda, mama."

"Mwanzoni nilimwambia habari za hapa. Nani kaoa, ng'ombe wa nani kazaa. Baadaye nilikuwa namwuliza kitu kimoja tu. Kama aliliona lile lori. Kama aliliona likija, au halikumpa nafasi." Alikata ganda refu, likaanguka kwenye ungo. "Mchele bado tunao. Sijui tutaula lini."

Usiku huo Paskalina alilala Uyole, kwa sababu mama hakumruhusu kuondoka jioni. Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala Paskalina hakuuliza. Asubuhi alimpa viazi ndoo nzima, akamsindikiza mpaka barabarani, na walipoagana alimshika mkono kwa muda mrefu.

Kinyakyusa kiliingia hewani wiki moja kabla ya Nane Nane. Ezron alikuwa amepiga simu Uyole mwenyewe, akaongea na mama kwa lugha yao karibu saa nzima kuomba ruhusa. Mama alikubali sauti ya mwanawe iwaeleze watu habari za viazi. Yale ishirini na tisa yaliyopotea yalirekodiwa upya na Tumpe, ambaye alikuja Iringa siku nne na kukaa kwenye ile meza. Safari hii kila sauti ilihifadhiwa kwenye mfumo wenyewe kabla ya ombi kuunganishwa. Ezron akaongeza pia hatua kwenye mtambo: kibanda kikiwa na kitu chochote kilichorekodiwa na mtu, hakibomolewi mpaka mtu wa pili athibitishe. Wafanyakazi wapya hulalamika kwamba hatua hiyo inawachelewesha. Paskalina huwaacha walalamike, kisha huingia yeye kwenye kibanda, anafungua orodha ya maswali, anasikiliza kama kuna mtu.

Siku ya tatu ya maonyesho, swali liliingia kutoka kwa mkulima wa Tukuyu, mzee, akiongea Kinyakyusa. Paskalina alimpelekea Ezron, naye akalisikiliza mara mbili kabla ya kulitafsiri.

"Anasema maelezo ya viazi ameyapenda. Ila anauliza, yule kijana anayekohoa kidogo, mbona kwenye migomba hayupo? Amekwenda wapi?"

 Tumpe alikuwa amesimama nao mezani, amekuja kusaidia kugawa vipeperushi. Alichukua simu kutoka mkononi mwa Ezron, akaenda nyuma ya hema ambako hapakuwa na kelele, akalijibu yeye. Aliongea kwa dakika moja na zaidi. Ezron angeweza kusikiliza jibu lile na kumweleza Paskalina, na Paskalina alijua hivyo. Hakumwomba. Alipanga vipeperushi upya, akamkaribisha mtu aliyefuata.